Daftari la Vidonge vya Maji

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla hajawasha jiko la vitumbua, mama mmoja wa Tanga huenda kwanza msalani. Akirudi chumbani, na kanga moja tu mwilini, huvuta mizani kutoka uvunguni, huisukuma mpaka kwenye saruji tupu nje ya mkeka, na kupanda. Mjukuu wake wa darasa la tano huinama, husoma namba na kuiandika kwenye daftari la mistari. Baada ya hapo ndipo kidonge kinamezwa.

Mama huyu ni wa mfano, ametungwa hapa ili namba zipate mwenyewe, lakini hali yake ni ya kila siku kwenye kliniki za moyo za Afrika Mashariki. Ana miaka 58. Aliambiwa ana presha miaka kumi iliyopita, akawa anameza dawa siku anazojisikia vibaya na kuziacha siku anazojisikia vizuri. Utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi tisa za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, na kuchapishwa mwaka 2012, uliwafuatilia wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa kufanya kazi. Umri wao wa wastani ulikuwa miaka 52, na karibu nusu yao chanzo kilikuwa presha. Huku kwetu ugonjwa huu haungoji uzee. Humkuta mtu bado analea na bado yuko sokoni.

Alipolazwa, mizani ya wodini ilisoma kilo 73. Miguu ilikuwa imevimba hadi magotini, alilala ameegemea mito mitatu, na akijaribu kulala chali pumzi ilimkata. Alichomwa sindano za dawa ya kutoa maji, na siku tisa baadaye akaruhusiwa akiwa na kilo 64.2. Hakuna mnofu unaoondoka kwa kasi hiyo. Kilo moja ni lita moja ya maji, kwa hiyo mama huyu alikuwa ametembea na takriban madumu mawili ya lita tano yaliyojaa, yamefichwa miguuni, tumboni na mapafuni.

Mtaani husemwa moyo wake "umejaa maji". Ukweli ni kwamba maji hayo hayakai ndani ya moyo, na hata lawama si ya moyo peke yake. Moyo uliochoka husukuma damu kidogo. Figo, ambazo hazina macho, hupokea damu hiyo kidogo na kudhani mwili umekauka, kama vile mtu ameharisha au amepoteza damu. Basi hufanya kazi yake ya asili: hushika chumvi, na chumvi hushika maji. Kadiri maji yanavyozidi, ndivyo moyo unavyolemewa, na figo nazo huzidi kushika. Kidonge cha maji huingia hapo katikati kuukata mzunguko huo.

Kinachotumika zaidi huitwa furosemaidi, ambacho wengi wanakijua kwa jina la kibiashara la Lasix. Kwa siku nzima figo za mtu mzima huchuja kama lita 180 za majimaji, na karibu yote huyarudisha mwilini. Mkojo unaotoka ni lita moja na nusu hivi. Ndani ya figo kuna vijirija vilivyopinda kama pini ya nywele, na katika pindo hilo ndipo kama robo ya chumvi yote iliyochujwa hurudishwa kwenye damu. Furosemaidi huufunga mlango huo. Chumvi iliyokosa njia ya kurudi hutoka na mkojo, na maji huifuata nyuma.

Kidonge kikimezwa, kazi huanza ndani ya nusu saa hadi saa moja, hufika kileleni katika saa moja au mbili, na kufikia saa ya sita huwa kimemaliza. Inasimuliwa kwamba hata jina Lasix lilitokana na maneno ya Kiingereza yanayomaanisha "hudumu sita". Kutokana na hesabu hiyo, wagonjwa huambiwa wakimeze asubuhi. Kikimezwa saa moja asubuhi, mbio za msalani huisha kabla ya adhuhuri au baada yake kidogo. Aliyeandikiwa mara mbili kwa siku humeza cha pili kama saa nane mchana. Akichelewa mpaka jioni, usiku ataamka mara tano gizani akipapasa ukuta kutafuta mlango, na kwa mzee mwenye magoti mabovu safari hizo ndizo zinazovunja nyonga.

Kidonge hiki kina tabia moja ambayo wagonjwa wengi hawaelezwi. Hakifanyi kazi kama sukari kwenye chai, kwamba nusu ya kijiko italeta nusu ya utamu. Kina kizingiti. Dawa isipofika kiwango fulani ndani ya figo, mlango haufungwi, na mgonjwa hapati chochote. Ikishavuka kiwango hicho mlango hufungwa, na kuongeza juu yake hakufungi zaidi. Kwa hiyo mtu aliyeandikiwa miligramu 40 kwa mkupuo, akaamua kukikata kidonge vipande viwili ili "kisimchoshe", nusu asubuhi na nusu mchana, huenda siku nzima asivuke kizingiti hata mara moja. Mkononi dawa imekwisha, miguuni maji yapo palepale.

Kipimo cha kuvuka kizingiti kila mtu anacho nyumbani kwake. Ndani ya saa mbili baada ya kumeza, mkojo unapaswa kuongezeka waziwazi, na kuwa mwepezi wa rangi kuliko ule wa alfajiri. Aliyekuwa akiona hivyo kila siku, kisha ghafla haoni tofauti, ana habari ya kumpelekea daktari. Mara nyingine sababu ni kwamba utumbo wenyewe umevimba maji na haufyonzi dawa upesi. Ndiyo maana mgonjwa aliyevimba sana hulazwa na kuchomwa sindano ya dawa ileile aliyokuwa akiimeza bila mafanikio. Ikipita kwenye mshipa huanza kazi ndani ya dakika chache.

Tabia ya pili ni kisasi cha figo. Saa sita zikiisha, mlango hufunguka tena, na figo, zikiwa zimepoteza chumvi, huishika kwa pupa kila itakayoonekana mpaka kidonge cha kesho. Chakula cha usiku kikiwa ni maharage yaliyopikwa kwa magadi, au mchuzi wa papa mkavu, au ng'onda, figo hupata zilichokuwa zikikitamani. Maji yaliyotoka asubuhi hurudi usiku, na mgonjwa huapa kwamba dawa haimfai. Magadi yanastahili kutajwa peke yake, kwa sababu wapishi wengi huyahesabu kama kilainisho tu wala si chumvi. Ndani yake mna sodiamu ileile inayoshika maji.

Katika wiki zake mbili za kwanza nyumbani, daftari la mama wa Tanga lilikuwa halina jipya. 64.0. 64.4. 63.8. 64.6. Namba hupanda na kushuka kidogo kwa sababu ya choo, joto na chakula cha jana, na hakuna wa kushtuka. Uzito huu, wa mwili usiobeba maji ya ziada, madaktari huuita uzito mkavu. Kwake yeye ulikuwa kilo 64.

Masharti ya kupima hayana ugumu, lakini moja likivunjwa namba huanza kudanganya. Muda ni uleule kila siku: baada ya kukojoa, kabla ya kula na kabla ya kidonge. Nguo ni zilezile. Mizani ni ileile na sakafu ni ngumu, kwa kuwa mizani ya springi ikikaa juu ya mkeka au zulia hubonyea na kusoma vingine. Wako wanaojipima kwa vijana wanaotembeza mizani mitaani au stendi, leo wamevaa viatu na mkoba begani, kesho kutwa wametoka kula. Namba za namna hiyo haziwezi kulinganishwa. Asiye na mizani nyumbani ni afadhali aende zahanati moja, siku zilezile za wiki, saa ileile, akiwa na nguo nyepesi.

Na asiye na mizani kabisa ana alama nyingine, ingawa huchelewa. Mkanda unaohitaji tundu la mbele zaidi. Kamba za ndala zinazoacha mfereji juu ya unyayo jioni. Kidole kikibonyezwa kwenye muundi kwa muda kidogo, shimo linabaki. Idadi ya mito ya kulalia imepanda kutoka mmoja kwenda miwili. Tatizo ni kwamba miguu huanza kuonyesha uvimbe baada ya lita kadhaa kukusanyika, wakati mizani huanza kupanda siku nyingi kabla, mara nyingi wiki nzima kabla mtu hajakimbizwa hospitali akihema.

Nguvu ya rekodi katika jambo hili ni ya zamani kuliko vidonge vyenyewe. Mwaka 1919, katika hospitali moja ya Vienna, mwanafunzi wa udaktari aitwaye Alfred Vogl alimchoma msichana mwenye kaswende sindano ya dawa yenye zebaki, kwa sababu iliyokusudiwa haikupatikana. Wauguzi wa wodi ile walikuwa wakiandika kila siku kiasi cha mkojo wa wagonjwa. Karatasi ndiyo iliyoshtaki: kila siku ya sindano mkojo uliruka, siku isiyo na sindano ukashuka. Dawa ile ikajaribiwa kwa mgonjwa wa moyo aliyevimba, naye akatoa lita kwa lita za maji. Kwa miongo kadhaa baadaye sindano za zebaki, pamoja na sumu yake yote, ndizo zilizokuwa tegemeo, mpaka vidonge vya kisasa vilipokuja. Furosemaidi yenyewe ilitokea Ujerumani na kuingia hospitalini miaka ya 1960. Bila karatasi ya wauguzi, Vogl angemwona msichana anakwenda chooni mara kwa mara tu.

Wiki ya tatu ikaja harusi ya binti wa dada yake, Muheza. Siku ya Ijumaa mama alijipima: 64.3. Kidonge akakiacha kwenye kikombe juu ya kabati, kwa sababu asingeweza kumsimamisha dereva wa basi kila dakika kumi. Uamuzi huo hufanywa kila asubuhi na maelfu ya watu wenye safari, na una njia rahisi ya kuukwepa: kidonge husogezwa, hakirukwi. Angeweza kukimeza alfajiri saa kumi, akamaliza mbio zake nyumbani kabla ya safari, au kukimeza alipofika Muheza saa sita mchana. Furosemaidi haidai dakika. Inadai tu kwamba saa zake sita za kazi ziangukie mahali penye choo na si usiku wa manane.

Harusini alikaa siku tatu bila kidonge. Alikula pilau, na papa mkavu wa kuchangamsha mdomo. Magoti yakamuuma kwa kukaa chini, shoga yake akampa diklofenaki, akameza asubuhi na jioni. Dawa hizi za maumivu, diklofenaki na ibuprofeni, huuzwa kila duka la dawa kama peremende, na kwa mgonjwa wa moyo hufanya ubaya wa aina mbili: huzifanya figo zishike chumvi na maji, na huzuia furosemaidi isifanye kazi vizuri. Kwa maumivu ya kawaida, parasetamoli ndiyo hupendekezwa kwa watu wa hali yake.

Jumapili jioni alirudi Tanga. Asubuhi ya Jumatatu mjukuu aliandika 66.5.

Miguu haikuwa imevimba. Mama alijiona mzima, labda ameshiba tu. Lakini mtu hawezi kunenepa kilo mbili kwa siku tatu. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700, yaani pilau ya ziada isiyoweza kuingia tumboni mwa mtu yeyote kwa wikiendi moja. Kilichoongezeka kilikuwa lita mbili na zaidi za maji. Kanuni aliyopewa hospitali, inayotumika katika miongozo ya nchi nyingi, ilisema: uzito ukizidi kilo mbili ndani ya siku tatu, piga simu, usingoje kuvimba. Muuguzi alikuwa amepiga mstari mwekundu kwenye daftari penye 66.

Alipiga. Daktari akaagiza aache diklofenaki, na kwa asubuhi tatu ameze vidonge viwili kwa pamoja badala ya kimoja, yaani miligramu 80 kwa mkupuo. Hapa ile habari ya kizingiti inarudi: mgonjwa akizidiwa na maji, mara nyingi kipimo cha wakati mmoja ndicho hupandishwa. Jumanne 65.6. Jumatano 64.8. Alhamisi 64.2. Mwendo huo wa nusu kilo hadi kilo moja kwa siku ndio unaotakiwa nyumbani. Ukienda kasi zaidi, maji hutoka kwenye mishipa ya damu haraka kuliko yanavyoweza kuvutwa kutoka miguuni kujaza pengo.

Alhamisi alipaswa kurudi kwenye kidonge kimoja. Hakurudi.

Sababu yake haikuwa ya kijinga. Alikuwa analala kwa mto mmoja, viatu vimemtosha, na akilini mwake maji yalikuwa adui ambaye kumtoa zaidi ni kushinda zaidi. Daftari liliendelea kusema kweli: Ijumaa 63.5, Jumamosi 62.9, Jumapili 62.3. Ila lilikuwa na mstari mwekundu wa juu peke yake. Hakuna aliyekuwa amechora wa chini, na hilo ni kosa la kawaida sana la maelekezo tunayowapa wagonjwa: wanafundishwa kuogopa kilo zinazopanda, hawaambiwi lolote kuhusu zinazoshuka.

Mwili ulianza kusema kabla ya kliniki. Jumamosi mdomo ulikuwa mkavu hata baada ya kunywa, na mkojo, uliokuwa mwingi na mweupe, ukawa kidogo na wa rangi ya chai ya rangi. Huo ni mgeuko wa kuangaliwa sana, kwa sababu kidonge kinamezwa na bado mkojo haupo: hakuna kilichobaki cha kutoa. Usiku misuli ya ndama ikamkaza mpaka akalia. Jumapili alianza kuona giza kila anapoinuka, na Jumatatu asubuhi, akiwa juu ya mbuzi anakuna nazi, alisimama ghafla na kupepesuka hadi ukutani. Mbuzi ni kiti cha chini kuliko vyote nyumbani. Kuinuka kutoka hapo ni mtihani wa presha. Mwenye maji ya kutosha mishipani huupita bila kujua. Aliyekauka, damu hushuka miguuni na ubongo hubaki na upungufu kwa sekunde kadhaa. Mizani ilisoma 61.9, kilo mbili na zaidi chini ya uzito wake mkavu.

Jirani alikuwa na tiba. Misuli kukaza ni upungufu wa potasiamu, alisema, na dawa yake ni madafu na ndizi mbivu. Mama alikunywa madafu mawili Jumapili na mawili Jumatatu.

Kliniki muuguzi hakuanza na damu. Alianza na maneno.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Nasikia ulitaka kutuangukia. Ukisimama inakuwaje?"

"Macho yanaingia giza. Nikishika kitu kidogo, yanarudi."

"Na vidonge vya maji, mama, unameza vingapi?"

"Viwili. Si mlisema wenyewe viwili?"

"Tulisema siku tatu, mama yangu. Leo ya ngapi?"

Mama alihesabu kwa vidole. Ilikuwa ya nane.

Presha yake akiwa amekaa ilikuwa 112 kwa 70. Akasimamishwa, ikapimwa tena ndani ya dakika tatu: 88 kwa 58. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi mtu anaposimama, hiyo ni dalili rasmi, na anayetumia dawa ya maji hushukiwa kwanza kwamba amekauka. Wenye mashine ya presha nyumbani wanaweza kufanya kipimo hiki wenyewe, mradi kuna mtu wa kumshika anayepimwa.

Majibu ya damu ndiyo yaliyowashangaza waliokuwa wamemleta. Kreatinini, taka ambayo figo huiondoa, ilikuwa imepanda, ishara kwamba figo zinapata damu kidogo mno. Potasiamu haikuwa pungufu. Ilikuwa 5.6, wakati kawaida haivuki 5.0 au karibu na hapo. Jirani hakukosea kabisa, kwa kuwa furosemaidi ikitumika peke yake hutoa potasiamu na mkojo, na wengi huishia na upungufu. Lakini mama alikuwa pia na kidonge kingine, spironolaktoni ya miligramu 25, ambacho huzuia potasiamu isitoke. Figo zilizokauka haziwezi kuiondoa vizuri, na madafu yana potasiamu nyingi. Vitu vitatu vilikutana. Potasiamu ikizidi sana, moyo hupoteza mpigo, tena mara nyingine bila onyo. Kukaza kwa misuli hakumwambii mtu kama imepungua au imezidi, wala kizunguzungu. Ni damu tu inayojibu, na hapo ndipo penye ulazima wa kupimwa siku chache baada ya kila badiliko kubwa la dozi.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini asiachishwe spironolaktoni moja kwa moja. Ni kwa sababu kidonge hicho kidogo kina kazi ambayo furosemaidi haina. Furosemaidi huondoa maji na kumpa mgonjwa pumzi, lakini haijathibitishwa kwamba humwongezea maisha. Spironolaktoni, katika utafiti maarufu uliochapishwa mwaka 1999 kwa wagonjwa wenye moyo uliodhoofu sana, ilipunguza vifo kwa asilimia 30. Basi ilisimamishwa kwa siku chache tu, mpaka potasiamu ishuke. Furosemaidi ilirukwa siku moja, kisha ikarudi kwenye kidonge kimoja cha asubuhi. Madafu yalipigwa marufuku. Maji aliruhusiwa kunywa kwa kiu yake, bila kushindana na ndoo.

Yapo mazingira mengine yanayomkausha mgonjwa bila yeye kuzidisha kidonge hata kimoja. La kawaida zaidi ni kuharisha na kutapika, iwe ni kwa malaria, kipindupindu au chakula kilicholala. Mwili unapoteza maji juu na chini, na kidonge kinaendelea kutoa mengine. Madaktari wengi huwaambia wagonjwa wao mapema: siku ya kuharisha au kutapika mfululizo, kama huwezi kula wala kunywa, piga simu upate ruhusa ya kusimamisha dawa ya maji kwa siku moja au mbili mpaka tumbo litulie, kisha irudi. Kusimamisha bila tarehe ya kuirudisha ndiko kunakomrudisha mtu wodini na kilo 73 zake. Mzee wa miaka 80 ana hatari ya zaidi, kwa kuwa kiu yake imedhoofu na dalili ya kwanza kuonekana huenda ikawa ni kuchanganyikiwa: anaita wajukuu kwa majina ya wanawe, na nyumba nzima inasema ni uzee.

Ramadhani nayo hupindua saa zote. Anayemeza kidonge wakati wa daku anafungua bomba la maji mwanzoni mwa saa kumi na nne za kutokunywa, na ikifika adhuhuri atakuwa na kichwa kinachouma na miguu isiyomshika. Daktari akimruhusu mgonjwa kufunga, kidonge cha asubuhi kwa kawaida huhamishiwa baada ya futari, kama saa moja au saa mbili usiku, ili kazi yake iishe kabla ya daku. Usingizi utakatika, hilo halina dawa. Uzito hupimwa kila siku kabla ya daku, kwa sababu mizani ya jioni kabla ya futari husoma chini sana na kumpa mtu faraja ya uongo. Anayemeza mara mbili kwa siku, au aliyetoka hospitali hivi karibuni, mara nyingi huambiwa asifunge kabisa, na dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa hiyo.

Kuna hali ambazo hazisubiri daftari wala simu: kukosa pumzi mtu akiwa ametulia, kukohoa povu lenye rangi ya waridi, kuzimia, kifua kubana, au kukosa mkojo siku nzima. Hapo ni kutafuta usafiri kwenda hospitali.

Uzito mkavu nao si wa milele. Mgonjwa anayepata nafuu hula, hutembea na kujenga mwili, na kilo mbili za miezi mitatu zinaweza kuwa nyama halali. Anayedhoofika hufanya kinyume chake, na hapo ndipo mizani inapoweza kudanganya vibaya: misuli inapungua kilo mbili, maji yanaongezeka kilo mbili, namba imesimama palepale na kila mtu ameridhika. Ndiyo sababu kliniki hubonyeza miundi, husikiliza mapafu na kuangalia mshipa wa shingo hata pale daftari linapoonekana zuri, kisha huuandika upya uzito mkavu kama umehama.

Wa mama wa Tanga ulibaki 64. Kilichobadilika ni mistari. Muuguzi alichukua rula akapiga wa juu penye 66 kwa kalamu nyekundu, kama mwanzo, na wa chini penye 62.5 kwa kalamu ya bluu, akamwonyesha mjukuu yote miwili. Pembeni akaandika idadi ya vidonge na tarehe ya mwisho ya kila agizo, kwa herufi kubwa za mtoto wa darasa la tano. Wiki iliyofuata damu ilirudiwa: kreatinini ilikuwa imeshuka, potasiamu 4.6, na spironolaktoni ikarejeshwa. Ukurasa wa siku hiyo unasomeka: "64.1. Kidonge kimoja, saa moja asubuhi. Bibi hajaona giza." Chini yake kuna tone la mafuta ya vitumbua.